Splita Haitawapa Chaneli Mbili, Wacheni Kudanganywa

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hii kitu inaitwa splita. Kila wakati kuna keja mpya hapa Nairobi inauziwa uongo uleule. Fundi anaingia, anaangalia dikoda yenu moja, anatoa kijisanduku cha chuma kwa begi na kusema, "Hapa ni kuweka splita tu, kila mtu ajionee chaneli yake chumbani." Mnachanga, mnamlipa, anaenda. Jumamosi jioni mechi inaanza, mwingine anataka telenovela yake, ndio mnajua mmenunua ugomvi.

Nasema hivi bila kulainisha: hakuna splita itakayotoa chaneli mbili tofauti kwa dikoda moja. Dikoda inapokea mawimbi, inafungua chaneli moja uliyochagua na rimoti, halafu inaitoa nje kama picha. Hiyo picha unaweza kuigawia TV mbili ama tatu, hata ya jikoni ukitaka, lakini itakuwa ileile kila mahali. Mtu wa sebuleni akibadilisha chaneli, na wewe chumbani umebadilishiwa. Hata nyingi ya zile dikoda kubwa zinazorekodi chaneli moja huku ukiangalia nyingine, picha zinayotoa kwenda kwa TV ni moja.

Sasa mbona fundi anakwambia tofauti? Kwa sababu kuna splita za aina mbili, na anacheza na huo mkanganyiko. Moja inakaa kati ya dishi na dikoda. Nyingine inakaa kati ya dikoda na TV. Ni vitu tofauti kabisa vyenye jina moja.

Wacha nianze na ile ya dishi, kwa sababu ndiyo inakula watu pesa. Kuna majirani zangu wa ghorofa ya tatu, vijana watatu, vyumba viwili. Walikuwa na dikoda ya dishi sebuleni. Fundi akawaambia watafute dikoda ya pili ya mtumba, akakata waya mmoja uliotoka kwa dishi, akaweka splita, akapeleka mguu mmoja sebuleni na mwingine chumbani. Splita, waya na kazi, 2,500. Dikoda ya mtumba juu yake.

Shida ya kwanza unaweza kuiona bila kuwa mhandisi, na mimi chuo niliacha mwaka wa pili kwa hivyo niamini. Dikoda ya pili ni mteja wa pili. Ina namba yake na kadi yake. Kama haijalipiwa, itafungua zile za bure tu kama zipo, basi. Splita inabeba mawimbi, haibebi malipo.

Shida ya pili ndiyo iliwachanganya. Chumbani wakiwasha, sebuleni chaneli kadhaa zinapotea. Si zote. Zingine ziko sawa kabisa, zingine zinasema hakuna mawimbi, na mvua hakuna. Wakazima ya chumbani, zote zikarudi. Fundi akasema dishi limesogea.

Dishi halikuwa limesogea. Kile kichwa cha dishi, LNB, kinapata umeme kutoka kwa dikoda kupitia huo waya. Na umeme huo ni amri pia. Dikoda ikituma volti 13, LNB inachukua mawimbi yaliyosimama wima. Ikituma volti 18, inachukua yaliyolala. Chaneli zimegawanywa, zingine ziko upande huu na zingine upande ule. LNB ya kawaida yenye mdomo mmoja inaweza kutii amri moja tu kwa wakati mmoja. Sasa weka dikoda mbili kwa waya mmoja. Ya sebuleni inaomba 13, ya chumbani inaomba 18, na kwa splita nyingi volti kubwa ndiyo inashinda. Aliyeomba 13 anakosa picha. Mkiwa kwa bahati mnaangalia chaneli za upande mmoja, kila kitu kinaonekana sawa, ndio maana fundi akijaribu mbele yenu inashika vizuri na anaondoka na doo.

Kwa hivyo ishara ni hii: chaneli fulani zinapotea pale tu dikoda ile ingine inawashwa, na zinarudi ikizimwa. Ukiona hivyo, usilipe mtu apande juu kusukuma dishi. Dawa ni kubadilisha LNB uweke yenye midomo miwili, halafu kila dikoda ipate waya wake kutoka juu. Ama zile LNB za kisasa zilizotengenezwa kulisha dikoda kadhaa kwa waya mmoja, lakini hizo zinataka dikoda zinazozielewa na splita yake maalum, hutaipata kwa lile rundo la splita za bei ya soda.

Kwa wenye antena, kama GOtv, hii vita ya volti haipo. Mawimbi yanatoka kwa mnara wa hapa chini, hakuna amri inatumwa juu, kwa hivyo splita ya antena inafanya kazi. Inagawa nguvu nusu kwa nusu tu. Kama mawimbi yenu yalikuwa yanayumba tayari, picha itaanza kuvunjika vipande. Na bado dikoda ya pili inataka malipo yake.

Sasa twende kwa ile splita ya TV. Hii ndiyo ningewaambia wale majirani wanunue kutoka mwanzo, kwa sababu nilipowauliza ni mara ngapi kweli wanaangalia vitu tofauti, walinyamaza. Wote watatu ni watu wa mpira. Walichotaka ni kuangalia mpira wakiwa kitandani.

Unatoa kebo ya HDMI nyuma ya dikoda, unaiingiza kwa splita, halafu kebo mbili zinatoka kwenda kwa TV mbili. Luthuli Avenue zimejaa. Lakini angalia sana, kwa sababu kuna kisanduku kingine kinafanana nayo kama pacha, kinaitwa swichi, na kinafanya kinyume: kinachukua vifaa viwili na kuvipeleka kwa TV moja. Kuna wauzaji wanaviita vyote splita. Soma maandishi ya kwenye mwili wake. Unataka mdomo mmoja umeandikwa IN na miwili imeandikwa OUT. Na uchukue yenye waya wake wa umeme. Zile za bei rahisi kabisa zenye umbo la Y, zisizochomekwa kwa soketi, TV moja huwaka na nyingine inabaki nyeusi.

Majirani walinunua ya 1,500, kebo ya mita 10 kwa 1,200, na kale kajicho ka rimoti kwa 600. Jumla 3,300, kila mtu 1,100, mara moja, hakuna cha kila mwezi. Kajicho kanakaa chumbani, kanashika mwanga wa rimoti na kuupeleka kwa waya hadi mbele ya dikoda. Bila hako, mtu wa chumbani anatembea sebuleni kuongeza sauti ama kupiga kelele kupitia ukuta.

Iligoma mara ya kwanza, na sababu yake ni ya kawaida sana. TV ya sebuleni ni mpya, ya chumbani ni ya zamani ya inchi 24. Splita inauliza kila TV inaweza kuonyesha nini, halafu inajaribu kupata kinachowafaa wote. Nyingine zinauliza TV moja tu na kupuuza ya pili. Hapo ile ndogo ikabaki nyeusi. Tuliingia kwa mipangilio ya dikoda, tukashusha picha kutoka 1080 hadi 720p, zote mbili zikawaka. Sebuleni picha imepungua ukali kidogo, na hiyo ndiyo bei halisi ya kushirikiana. TV dhaifu inavuta yenye nguvu chini.

Urefu pia una mwisho. Mita 10 kwa kebo nzuri ni salama. Ukipita 15 kwa kebo ya kawaida utaanza kuona vidoti vinametameta ama picha ikikatika kila baada ya sekunde kadhaa. Usinunue kebo ndefu zaidi ukidhani itatulia. Nunua vile visanduku viwili vya kupitisha picha kwa waya wa mtandao. Na kama dikoda yenu ni ya zamani na ina mdomo umeandikwa RF OUT, mnaweza kuvuta waya wa antena hadi chumbani na kutafuta chaneli moja ya kawaida kwa TV. Picha haitakuwa kali lakini inafika mbali kwa bei ya waya tu. Dikoda nyingi mpya ndogo hazina huo mdomo, kwa hivyo chungulia nyuma kabla ya kuota.

Sasa kampuni nazo. Kinachoniudhi ni vile wanauza "vyumba". DStv wana XtraView, na wengi wanasikia wanafikiri ni kitufe kwa dikoda waliyonayo. Hapana. Ni dikoda mbili ama tatu, kubwa na ndogo, zimeunganishwa kwa waya, ziko nyumba moja, mnalipa kifurushi kimoja na ada ya ziada kila mwezi. Ndogo inamtegemea mkubwa. Mtu akichomoa ile ya sebuleni ukutani ili achaji simu, chumbani picha inakatika. Kuizima na rimoti ni sawa, kuikata umeme ndio hapana. Hii kweli inatoa chaneli mbili tofauti, sikatai. Lakini hesabu dikoda ya pili, LNB, fundi na ada ya miezi 12 kabla ya kuita hiyo ni kuokoa. Watu wa DStv pia wanapata DStv Stream kwa akaunti yao, kwa hivyo yule mmoja wa telenovela anaweza kuangalia kwa simu. Kama keja ina Wi-Fi, hapo ndipo ningeanza.

Na tafadhali, yule wa kuvuta waya hadi kwa jirani wa chini mkigawana bili: kifurushi cha nyumbani ni cha nyumba moja. Mkikatiwa, atakayepoteza ni mwenye jina kwa akaunti, na jirani bado atakuwa anauliza mbona mechi imepotea na alituma yake.

Fundi mwingine akija, kabla hajapanda paa, muulize: hii splita yako inakaa upande wa dishi ama upande wa TV, na dikoda zitakuwa ngapi? Yule wa ghorofa ya tatu aliulizwa hivyo kwa simu. Akasema yuko kwa matatu hasikii vizuri. Mpaka leo hasikii.