Saini ya Mwenye Nyumba
Juma hili, huko Mbagala, mpangaji alimpelekea mwenye nyumba fomu ya kuomba mita yake ya umeme. "Mzee, ni saini tu, gharama nalipa mimi." Mzee akaikunja. Vyumba sita, Luku moja! Matumizi yakijumlishwa, hakuna anayebaki kwenye daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaouziwa kwa bei nafuu. Mama wa taa mbili analipia friji ya jirani, tena kwa bei ya juu. Chungu cha shirika hakikosi mwenye kijiko kikubwa. Mzee anasingizia kuogopa kuachiwa deni, ilhali Luku hulipiwa kabla. Anachokihofia, naamini, ni kukosa mchango wa umeme anaoukusanya kwa wapangaji bila kuutolea hesabu. Mpangaji kaambiwa arudi Ijumaa.