Mhazini Alinaswa Kabla ya Kujibu

"Mhazini, umeacha kuwakopesha ndugu zako bila sisi kujua? Jibu ndiyo au hapana!"

Swali hilo liliulizwa wiki hii katika kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, na aliyeuliza ni mwenyekiti mwenyewe. Mhazini, mama mtu mzima, alishtuka, akajibu kwa nguvu: "Hapana!" Baraza zima likalipuka kwa vicheko na miguno. Kumbe bado anaendelea!

Mwandishi wa safu hii, aliyekuwa pale kama mgeni, alitoka na hasira ambayo haijapoa hadi leo. Wasomaji wa siku nyingi wanaujua ugomvi wake na wenyeviti, lakini safari hii kosa ni kubwa kuliko kuchelewesha chai. Mwanamke alihukumiwa kwa swali.

Kitanzi kilikuwa kwenye kitenzi "kuacha". Hakuna anayeacha jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akijibu ndiyo, alikuwa akikopesha kwa siri. Akijibu hapana, anakopesha mpaka sasa. Wanaisimu huliita jambo linalobebwa hivyo dhana tangulizi: msemaji halitamki kama dai, analichukulia kuwa wote wamekwisha kulikubali. Maneno yanayolibeba ni mengi, na yote ni ya kila siku. "Amechelewa tena" linabeba kuchelewa kwa awali. "Anajua kwamba fedha zimepungua" linabeba upungufu, ilhali "anadhani fedha zimepungua" halibebi kitu.

Ukanushi haulifuti jambo hilo. Gottlob Frege, Mjerumani, aliligusa mwaka 1892: ukisema Kepler alikufa katika dhiki, au ukikana kwamba alikufa hivyo, kote umechukulia kwamba Kepler alikuwepo. Ndivyo ilivyo kwa mhazini. "Ameacha," "hajaacha," "je, ameacha?" ni sentensi tatu tofauti, na katika zote tatu tuhuma imekaa palepale.

Kilichomuumiza zaidi mwandishi ni watetezi. Mjumbe mmoja, kwa nia njema kabisa, alisimama akasema, "Jamani, huenda ameshaacha." Mwingine akaongeza, "Kama ameacha, tumsamehe." Neno "kama" lilitia shaka kwenye kuacha tu, ule ukopeshaji wa siri likaupitisha bila kuuhoji. Waliokuja kumtetea wakawa mashahidi wa mashtaka, na hakuna aliyeshtuka.

Hata hivyo, "kama" hiyohiyo ingeweza kumwokoa. Lauri Karttunen, mwanaisimu mzaliwa wa Ufini, alionyesha mwaka 1973 kwamba sentensi za masharti huchuja. Tuchukue swali hili: "Kama uliwahi kuwakopesha ndugu zako kwa siri, je, umeacha?" Hapa tuhuma imetangulizwa waziwazi kama sharti, kwa hiyo sentensi nzima haimtwishi mtu chochote. Anayeulizwa ana nafasi ya kusema hajawahi. Mwenyekiti angeuliza hivyo, au angeuliza maswali mawili moja baada ya jingine, kikao kingechukua dakika mbili zaidi na heshima ya mtu ingebaki.

Tena ukweli ulikuwa mezani. Sanduku la kikundi hicho lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu. Mhazini hana hata mmoja. Angekopeshaje peke yake? Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa swali la mwenyekiti lilikuwa limeshawavusha hapo.

Wapo watakaosema haya ni maneno tu. Mwaka 1975 Elizabeth Loftus na Guido Zanni, huko Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya gari. Wengine waliulizwa kama waliona taa iliyovunjika, yoyote ile. Wengine waliulizwa kama waliiona ile taa iliyovunjika, kana kwamba ilikuwepo. Katika filamu taa hiyo haikuwepo, lakini walioulizwa kwa namna ya pili walielekea zaidi kusema kwamba waliiona. Ikiwa swali linaweza kuvunja taa ambayo haikuvunjika, litashindwaje kuvunja jina la mama wa watu?

Dawa ipo, ila inataka ujasiri. Mtu akiulizwa hivyo asikubali kuchagua kati ya ndiyo na hapana. Aseme, "Subiri, nani amesema niliwahi kukopesha kwa siri?" Anaweza pia kusema, "Sijaacha, kwa sababu sijawahi kuanza," lakini ajihadhari: kikao chenye kelele kitasikia "sijaacha" peke yake na kuanza kushangilia.

Wanachama wa kikundi kile wana kikao kingine wiki ijayo. Wamwombe radhi mhazini wao mbele ya watu walewale, na mwenyekiti, kama ana ushahidi, autoe kwanza ndipo aulize.