Angalieni tiki ya WordPress kwanza

Nina dokezo moja kwa wenzangu wa Simiyu. Tovuti ya wauza mbegu za pamba ninayoitunza hapa Bariadi ilikuwa haionekani Google. Kwenye Search Console nikafungua Pages, nikakuta karibu kurasa zote ziko chini ya “Excluded by ‘noindex’ tag”. Fundi aliyeijenga aliacha tiki ya wakati wa majaribio: Settings, Reading, “Discourage search engines from indexing this site”. Niliitoa, nikafuta kashe, nikapima ukurasa mmoja kwa Test Live URL, ndipo nikabonyeza Validate Fix. Uhakiki huweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kurasa hizo msizizuie kwenye robots.txt, maana Google haitazisoma wala kujua kwamba noindex imeondolewa.