Mzazi Akikutumia Mchoro na Neno "Stori", Usilalamike

Kuna watu wetu wa kontenti wanaolalamika eti mzazi akituma mchoro wa mtoto na neno moja tu, "stori", hajawapa kitu cha kufanyia kazi. Mimi sikubali. Ni saa mbili usiku, mtoto yuko kitandani anangoja, na huyo mama hana muda wa kujibu maswali yako kumi. Kazi iko ndani ya mchoro. Usome kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni yule msee anayetupia picha jicho mara moja, anaona nyumba, halafu anabandika hadithi yake ya sungura na simba. Mtoto atauliza tu, "Sungura yuko wapi?" Hayuko. Umemwonyesha kwamba hukuangalia alichochora.

Chukua mchoro wa aina ninayotumiwa sana, wa mtoto wa miaka minne. Kuna mtu asiye na kiwiliwili, miguu inatoka moja kwa moja kichwani. Kuna nyumba, na kitanda cha ndani kinaonekana kupitia ukuta. Kuna kitu cheusi chenye miguu sita. Jua liko kwenye kona.

Huyo mtu hajakosewa. Watoto wa miaka mitatu, minne, huchora watu hivyo, na watafiti huwaita viluwiluwi kwa sababu ya hilo umbo. Kitanda nacho kiko sawa. Mfaransa Georges-Henri Luquet aliandika mwaka wa 1927 kwamba mtoto huchora anachokijua, si anachokiona tu. Anajua ndani kuna kitanda, basi ukuta hauwezi kumzuia. Kwa hivyo usimwongezee mtu tumbo, na usifunge ukuta.

Kile kitu cheusi? Sijui ni nini, na sitabahatisha. Ukiandika "buibui" na kumbe ni paka wao, hadithi imekufa. Mwite kwa kile unachokiona. Na skiza, usianze kusema rangi nyeusi ni huzuni. Pengine hiyo ndiyo kreyoni iliyokuwa karibu. Mchoro mmoja haukupi ruhusa ya kumpima mtoto akili.

Sasa tafuta swali ambalo picha inauliza yenyewe. Hapa ni rahisi: kitanda kiko tupu na watu wako nje. Hiyo ndiyo hadithi, na inaishia pale pale mzazi anapotaka, kitandani.

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani aliishi Miguu Mirefu. Kitanda chake kilikuwa tayari, lakini yeye alikuwa bado nje na rafiki yake Mweusi.

"Twende tulale," akasema Miguu Mirefu.

"Siwezi," akasema Mweusi. "Miguu yangu bado inataka kucheza."

Miguu Mirefu akaupapasa mguu wa kwanza. Ukalala. Akaupapasa wa pili. Ukalala. Wa tatu, ukalala. Jua likashuka kwenye kona yake. Wa nne, ukalala. Wa tano, ukalala. Wa sita ukapiga teke moja dogo, kisha nao ukalala.

Sasa Mweusi hakuweza kutembea. Miguu Mirefu akambeba pole pole mpaka ndani. Kitanda kiliwatosha wote wawili. Na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na ukuta wa kuonyesha ndani, mwezi ulipopita uliwaona wamelala.

Ni hayo tu. Inasomeka kwa dakika moja au mbili. Ile miguu sita nimeihesabu makusudi, kwa sababu kurudia "ukalala" kunampunguzia msomaji kasi, sauti inashuka, na mtoto anashuka nayo. Hakuna jitu wala mtu aliyepotea, maana hofu ukiileta usiku huo utakuwa na kazi ya kuiondoa. Mwezi pekee ndio nimeuongeza, tena mwishoni, wakati jua la mtoto limeshatumika.

Wengine watasema hadithi kama hiyo haina funzo. Nani alisema mtoto anayesinzia anataka funzo? Anataka kusikia kwamba kile kitanda alichokichora kimepata mtu.

Ukimtumia mzazi, mwambie kitu kimoja tu: asome mchoro ukiwa mbele ya mtoto. Mtoto akikatiza na kusema, "Huyo si Mweusi, huyo ni shosh," mzazi abadilishe jina hapo hapo na aendelee na mguu unaofuata. Hapo ujue stori imeshika. Mtoto anayenyamaza na kugeukia ukuta kabla ya mguu wa pili, huyo hajaona mchoro wake ndani ya maneno yako.