Bima ya wanamichezo mpakani: kinga inaweza kuishia kwenye geti

Katika miji ya mpakani kama Namanga, Busia na Tunduma, timu za wafanyabiashara huvuka kwenda kucheza upande wa pili karibu kama mizigo yao inavyovuka. Baadhi ya klabu hizo sasa huwakatia wanachama bima ya ajali ya kundi: klabu inalipa ada moja kwa mwaka, na kila aliyeandikwa kwenye orodha anakingwa. Tatizo hujitokeza mtu anapoumia akiwa nchi jirani.

Wengi wamezoea Kadi ya Njano ya COMESA, inayolifuata gari nchi hadi nchi, wakadhani bima ya mchezaji nayo inavuka hivyo hivyo. Haivuki yenyewe. Kadi ile ni ya madhara ambayo gari linawasababishia watu wengine. Bima ya klabu inafuata eneo lililotajwa katika hati yake. Ikiandikwa "Tanzania", mchezaji aliyevunjika upande wa Kenya hana dai, hata kama uwanja uko mita mia mbili kutoka kwenye kituo cha forodha. Klabu inayovuka iombe nchi jirani ziandikwe kwenye hati kabla ada haijalipwa.

Kwa kawaida kinga hii ina mafungu manne: kifo, ulemavu wa kudumu, gharama za matibabu, na malipo ya kila wiki kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda. Inalenga ajali, yaani jambo la ghafla linalotoka nje ya mwili. Goti lililochakaa taratibu kwa miaka haliingii, na jeraha la zamani lililoamka mara nyingi hukataliwa. Ndiyo maana maneno ya daktari yana uzito. Cheti kinachosema tu "maumivu ya goti" ni dhaifu. Kinachosema "aligongana na mchezaji mwenzake tarehe fulani, goti likavimba siku hiyo hiyo" kinaeleza ajali.

Chukua mfano wa muuza mitumba wa Namanga, upande wa Tanzania, aliyevunjika muundi katika mechi upande wa Kenya. Hati ya klabu yake inataja nchi zote mbili. Inalipa matibabu hadi shilingi za Tanzania 1,500,000, na shilingi 60,000 kwa wiki baada ya wiki ya kwanza. Hospitali imemgharimu 1,700,000, na daktari amempumzisha wiki 12. Kwa matibabu atapata 1,500,000. Zile 200,000 zilizozidi ni zake. Kwa wiki 11 atapata 660,000. Jumla ni 2,160,000, kama karatasi zake zimekamilika.

Karatasi zenyewe ni hizi: fomu ya madai iliyosainiwa na kiongozi wa klabu, orodha inayoonyesha kuwa jina lake lilikuwemo kabla ya mechi, ripoti ya mwamuzi au barua ya klabu, ripoti ya daktari pamoja na picha ya eksirei, na risiti halisi. Risiti za shilingi za Kenya zitabadilishwa kuwa fedha ya mkataba, hivyo tarehe ya kila moja isomeke. Aliyekwisha kulipiwa bili hiyo na bima ya afya hawezi kulipwa tena kwa risiti zile zile. Taarifa ya kwanza nayo ina muda wake, mara nyingi siku 14 au 30, na haingoji mtu apone. Klabu iipeleke kwa maandishi hata kabla bili haijatoka.

Fungu linalowasumbua zaidi wafanyabiashara ni lile la kila wiki. Mwajiriwa huleta hati ya mshahara. Muuza mitumba ataleta nini? Mikataba mingi hailipi zaidi ya sehemu ya kipato halisi, na kipato kisichothibitishwa kinaweza kuhesabiwa kidogo sana. Hapa ndipo karatasi za mpakani zinapofaa kuliko wengi wanavyodhani: leseni ya biashara, taarifa za miamala ya simu, hati za forodha, na kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000, cheti rahisi cha asili. Anayezitupa akishapita geti anatupa pia ushahidi wa kipato chake.

Dai likikataliwa, klabu iombe kwa maandishi kifungu kilichotumika. Malalamiko huenda kwa mamlaka ya nchi iliyotoa hati, hata kama ajali ilitokea upande wa pili: Tanzania ni TIRA au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya na Uganda kila moja ina mamlaka yake ya kusimamia bima.