Jimu Mara Tatu kwa Wiki, na Bado Nilinona

Acha niseme kitu kitakachowaudhi wasee wa jimu: ile saa moja ya kubeba vyuma si ndiyo inaamua mwili wako unatumia nguvu ngapi kwa siku. Zile saa zingine kumi na tano ukiwa macho ndizo zinaamua. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilidanganyika.

Nikiwa bado kwa mathe pale Umoja, sikuwahi kuingia jimu hata siku moja na nilikuwa na kilo 60. Kisha nikapata kazi ya kuediti video, nikahamia keja yangu, nikalipia jimu kama mtu mzima. Mara tatu kwa wiki, dakika 45, sikosi. Baada ya miezi kumi suruali zote zilikuwa zinakataa kufunga. Nikalaumu chipo, nikalaumu stresi, nikalaumu hata ukoo wetu. Kumbe kilichobadilika ni kitu ambacho sikuwahi kukihesabu.

Mwili hutumia nguvu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kukuweka hai tu: moyo, ubongo, mapafu. Hiyo huwa sehemu kubwa zaidi kwa watu wengi. Ya pili ni kusaga chakula, kama asilimia 10 hivi. Ya tatu ni kusonga. Sasa hiyo ya kusonga imegawanyika: kuna mazoezi, halafu kuna kila kitu kingine. Kuosha vyombo, kufagia, kusimama kwa foleni, kutembea hadi stejini, kutikisa mguu ukiwa umekaa. Hiyo ya pili wanasayansi wameipa jina, NEAT, na ndiyo inayotofautiana vibaya sana kati ya mtu na mtu. Watu wawili wa umbo moja wanaweza kupitana kwa hadi kalori 2,000 kwa siku hapo tu.

Unamjua yule beshte yako anayekula kama amefungua kinu na hanenepi? Mwaka 1999, daktari James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichunguza kitu kama hicho. Walichukua watu 16 wasio wanene, wakawalisha kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao kila siku, kwa wiki nane. Chakula kilisimamiwa, mazoezi yakazuiwa yasiongezeke. Mwisho wa wiki nane, mmoja aliongeza mafuta chini ya nusu kilo. Mwingine aliongeza zaidi ya kilo nne. Chakula cha ziada ni kile kile!

Tofauti ilitoka wapi? Kwa wengine, mwili ulijibu shibe kwa kuanza kusonga zaidi bila wao kupanga. Aliyeongoza alikuwa anachoma karibu kalori 690 zaidi kila siku kwa harakati za kawaida tu. Mwingine zilipungua kidogo. Kwa hivyo beshte yako pengine hana uchawi wowote. Mtazame vizuri: ni yule hawezi kukaa, anaongea na simu akizunguka chumba, anainuka kuchukua maji, anarudi, anainuka tena.

Turudi kwa kesi yangu, tupige hesabu ya juu juu. Mtu wa kilo 60 akiwa amelala tuli hutumia karibu kalori moja kwa dakika. Levine huyo huyo alipima watu wakiwa katika hali tofauti. Kukaa bila kusonga kuliongeza asilimia 4 tu juu ya kulala. Kukaa huku unachezacheza mikono na miguu kuliongeza asilimia 54. Kusimama huku unasongasonga, asilimia 94. Kutembea pole pole, kilomita tatu hivi kwa saa, kuliongeza zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kwa mathe, kila siku nilitembea kama dakika 40 kwenda na kurudi stejini. Hiyo ni kalori 80 za ziada. Jioni nilisimama naye saa mbili kwa kibanda cha mboga, nikipanga sukuma, nikitoa chenji. Ukilinganisha na kukaa, hapo kuna kama 108. Kazi za nyumbani saa moja, tuseme 60. Jumla karibu 250 kwa siku, na sikuwahi kuiita mazoezi.

Kejani sasa. Nafanyia kazi kitandani. Chakula kinaletwa na boda mpaka mlangoni. Nguo anafua mama fua. Zile 250 zote zikapotea. Jimu yangu ilikuwa inanipa kama kalori 225 za ziada kila nikienda. Mara tatu kwa wiki ni 675. Gawanya kwa siku saba: 96. Yaani nililipa pesa kununua 96, huku nikilipa pesa nyingine kuondoa 250. Mama fua ndiye aliyekuwa anafanya mazoezi yangu, na mimi ndiye niliyekuwa namlipa.

Simaanishi umfute kazi mama fua. Ile ni riziki yake, na mtu anayeinama kwa beseni kutwa nzima hahitaji kusifiwa na mimi kwamba anachoma kalori. Ninachosema ni kwamba raha yetu ya mjini imetengenezwa kwa kuondoa harakati, moja baada ya nyingine, na hatuoni kwa sababu kila moja ni ndogo.

Sasa msinielewe vibaya, kuna mipaka. Kwanza, wanaouza meza za kusimama wanatia chumvi. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2018 ulipata kwamba mtu wa kilo 65 akisimama saa 6 badala ya kukaa, anaongeza kama kalori 54 tu. Hiyo ni ndizi ndogo. Kusimama kama mlingoti hakukusaidii sana, cha maana ni kusonga.

Pili, mwili ni mjanja. Ukijinyima chakula, unapunguza harakati bila kukuuliza. Utajua aje? Angalia hatua kwenye simu. Ukianza dayeti, kisha wiki ya tatu hatua zimeshuka na unajipata unamtuma mdogo wako rimoti iliyo mita mbili kutoka kwako, ndiyo hiyo. Na kwa muda mrefu mwili unaweza kubana matumizi kwingine. Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania hutembea sana wakiwinda na kuchimba mizizi, lakini walipopimwa, jumla ya nguvu wanazotumia kwa siku haikupita ya watu wa Marekani na Ulaya wenye ukubwa sawa. Kwa hivyo usitarajie kila kalori ya kufagia itatoka tumboni moja kwa moja.

Tatu, jimu ina kazi yake. Misuli na moyo haviimariki kwa kutikisa mguu. Bado naenda.

Lakini nimebadilisha mambo matatu. Nashuka stejini moja kabla ya yangu. Simu zote napokea nikitembea. Na nguo za kila siku nafua mwenyewe, mama fua anabaki na mashuka na blanketi. Suruali mbili zimeanza kufunga, ya tatu bado tunajadiliana.

Na wewe mzazi au tichee unayemwambia mtoto "tulia!" kila dakika, hebu mwache atikise huo mguu.