Uchambuzi: Bima hulipa mvua inapopungua, lakini ni mvua ya shamba gani?

Mkulima wa mahindi aliyekata bima ya mvua hahitaji kumsubiri mkaguzi aje kuhesabu mabua yaliyokauka. Malipo yake hutegemea milimita za mvua zilizopimwa katika eneo lake. Gharama ya ukaguzi ikiondoka, hata shamba la ekari moja linaweza kukatiwa bima. Tangu mwaka 2016 serikali ya Uganda imekuwa na mpango wa ruzuku ya bima ya kilimo, uliokusudiwa kumlipia mkulima mdogo nusu ya ada.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima wa Jinja anakata bima ya shilingi 400,000. Mkataba wake unataja siku 30 ambazo mahindi hutarajiwa kutoa mbelewele, kipindi ambacho kiu huyadhuru kuliko wakati mwingine wowote. Mvua ya siku hizo ikishuka chini ya milimita 60, kila milimita inayokosekana hulipwa shilingi 10,000. Ikifika 20, analipwa fedha zote. Kipimo kikionyesha 45, anapokea 150,000 bila kuwasilisha madai yoyote.

Lakini 60 hizo zingeweza kunyesha kwa siku mbili tu, zikafuatwa na wiki nne za jua kali. Mahindi yangekauka, naye asingepata kitu. Vivyo hivyo kwa aliyechelewa kupanda: siku 30 za mkataba hupita kabla mahindi yake hayajafikia mbelewele.

Mbale ina tatizo jingine, nalo ni mlima. Mara nyingi mvua hukadiriwa kwa satelaiti, ambayo hugawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa na kutoa tarakimu moja kwa kila mraba. Katika tambarare hilo huenda lisilete shida kubwa. Kwenye miteremko ya Elgon, mraba mmoja unaweza kuchukua kilima chenye mvua na bonde kavu lililo chini yake, na mkulima wa bondeni akahesabiwa mvua ya jirani yake wa juu. Isitoshe, satelaiti nyingi hukisia mvua kwa ubaridi wa kilele cha wingu, ilhali mawingu ya milimani yanaweza kunyesha yakiwa mafupi na yenye joto. Hapo kosa hugeuka: kipimo husoma ukame mahali palipolowa.

Wala bima ya upungufu wa mvua haifidii mafuriko. Mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale mwishoni mwa Julai 2022, mkataba wa aina hii usingelipa chochote, kwa kuwa mvua haikupungua.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mkulima aulize mambo matatu: siku zinahesabiwa kuanzia lini, mraba wake unaishia wapi, na katika miaka ya ukame anayoikumbuka mwenyewe, kipimo hicho kingelipa mara ngapi. Swali la mwisho linajibika, maana kumbukumbu za satelaiti zinarudi nyuma miongo kadhaa. Wakala asiyeweza kulijibu anauza tarakimu asizozielewa.